Shajara ya mradi: kufasiri alama za bodi ya kupandisha volti, Busia

3 Februari 2025: Picha za kwanza

Fundi mmoja wa vifaa vya umeme mjini Busia, upande wa Uganda, amenitumia picha za bodi moja pamoja na vipande vya karatasi ya kiwanda, yaani ile karatasi ambayo mtengenezaji wa chipu huichapisha kueleza sifa na mipaka yake. Ameomba nimfasirie maandishi hayo kwa Kiswahili, kwa namna ambayo ataweza kuichapisha tafsiri, kuiweka mezani pa kazi na kuitumia akiwa ameshika mita. Shajara hii inarekodi kazi hiyo hatua kwa hatua, ili mwingine mwenye bodi ya aina hiyo, au mwenye kufasiri karatasi za aina hiyo, aweze kuifuata.

Bodi yenyewe ni ya kupandisha volti. Inapokea umeme wa betri ya sola ya volti 12 na kutoa volti 19 za kuendeshea kompyuta mpakato katika duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Ilipoacha kufanya kazi, mwenye duka aliipeleka kwanza kwa fundi mwingine, ambaye alibadilisha chipu inayoiongoza na rezista moja, kisha akamrudishia vipuri vya zamani katika mfuko mdogo wa plastiki. Bodi haikuamka. Fundi wangu naye aliweka chipu nyingine mpya yenye alama ileile ya UC3842B, na matokeo hayakubadilika.

Vipimo alivyoniandikia vilikuwa wazi, na vinafaa kuhifadhiwa hapa kwa sababu kila kitu kilichofuata kilijengwa juu yake. Kwenye mlango wa betri kulikuwa na volti 12.4. Kwenye pini ya 7 ya chipu, ambako umeme wa kuiendesha huingia, kulikuwa na volti 11.7. Kwenye pini ya 8, ambako chipu iliyo hai hutoa volti 5 za rejea, kulikuwa na sifuri. Kwenye mlango wa kutolea umeme kulikuwa na volti 12.1 badala ya 19.

Kipimo cha mwisho huwapotosha wengi. Bodi ya kupandisha volti haizibi njia ya umeme inapolala: umeme wa betri hupita katika koili na dayodi moja kwa moja hadi upande wa pili, ukipungukiwa kidogo tu njiani. Kwa hiyo volti 12.1 hazina maana kwamba bodi inafanya kazi nusu. Maana yake ni kwamba chipu haijaanza kuiwasha na kuizima mosfeti hata mara moja.

6 Februari 2025: Kupata picha zinazosomeka

Picha za kwanza hazikufaa kufasiriwa. Mwanga wa simu ulikuwa umegonga mgongo wa chipu moja kwa moja na kuufanya uwe na doa jeupe, na picha zilizopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida zilikuwa zimebanwa hadi nukta ya desimali isionekane. Katika karatasi ya kiwanda kuipoteza nukta ni hatari, kwa sababu 8.4 ikisomeka 84 mfasiri hana njia ya kujua kilichotangulia isipokuwa kwa kubahatisha.

Tulirekebisha mambo kwa njia rahisi. Picha sasa hutumwa kama faili la hati, wala si kama picha, na hivyo hazibanwi. Mgongo wa chipu husafishwa kwa spiriti, kisha chaki nyeupe husuguliwa juu yake na kufutwa taratibu kwa kidole, ili unga ubaki ndani ya herufi zilizochongwa. Taa huwekwa upande, karibu usawa wa meza, ili mwanga uteleze juu ya chipu badala ya kuigonga kutoka juu. Kwa karatasi ya kiwanda, jambo muhimu lilikuwa kupiga picha ya jedwali zima pamoja na vichwa vya safu zake, hata kama fundi anahitaji mstari mmoja tu.

Hilo la vichwa lilijitokeza mara moja. Kipande kimoja kilionyesha kwamba umeme wa kuendesha chipu huingia pini ya 12, naye akauliza, kwa haki kabisa, pini ya 12 iko wapi katika chipu yenye pini 8. Kichwa cha safu kilikuwa kimekatwa nje ya picha. Chipu hiyo hutengenezwa katika maumbo mawili, la pini 8 na la pini 14, na jedwali lina safu mbili za namba za pini. Katika umbo la pini 14 umeme huingia pini ya 12 na volti ya rejea hutoka pini ya 14. Katika umbo la pini 8, ambalo ndilo lililo kwenye bodi hii, ni pini ya 7 na ya 8.

Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba kila kipande kinanakiliwa kwanza kama kilivyo, herufi kwa herufi, na fundi anathibitisha nakala hiyo dhidi ya karatasi kabla ya neno lolote kufasiriwa. Namba, vipimo na majina ya pini havifasiriwi kamwe, kwa sababu ndivyo anavyovitafuta kwa macho kwenye mchoro.

10 Februari 2025: Alama za bodi na za vipuri

Maandishi meupe yaliyochapwa juu ya bodi na alama zilizo juu ya vipuri ni lugha mbili tofauti zinazotumia herufi zilezile, na tafsiri nzuri lazima izitenganishe. Katika laha ninayomwandalia fundi nimeweka safu mbili: moja ya jina la mahali kwenye bodi, nyingine ya thamani iliyoandikwa juu ya kipuri chenyewe.

Mfano ulio bora kwenye bodi hii ni rezista ya kupimia mkondo. Kwenye bodi pameandikwa R12, na juu ya rezista pameandikwa R050. R ya kwanza inasema tu kwamba hapa ni mahali pa rezista, na 12 ni namba ya mahali hapo katika mchoro. R ya pili inakaa mahali pa nukta ya desimali, kwa hiyo rezista hiyo ni ya omu 0.050. Mtu akizichanganya atatafuta rezista ya omu 0.12, au mbaya zaidi ya omu 12, aiweke mahali ambapo mkondo wote wa mosfeti hupita. Chipu hii hukata kila pigo pale volti kwenye pini ya 3 inapofika takriban 1, hivyo kwa omu 0.050 kikomo ni ampea 20, na kwa omu 0.12 kingeshuka hadi kama ampea 8. Mzigo wa kompyuta ungeiangusha bodi bila sababu inayoonekana.

Alama nyingine zilikuwa za kawaida. Rezista ndogo yenye 103 ni ya omu 10,000, kwa kuwa tarakimu ya tatu huhesabu sifuri zinazoongezwa. Kapasita yenye 222J ni ya pikofaradi 2,200, na J inataja uvumilivu wa asilimia 5. Hizi mbili ndizo zinazopanga mwendo wa chipu:

```
f = 1.72 / (RT x CT)
f = 1.72 / (10000 x 0.0000000022) ≈ 78000 Hz
```

Ndani ya ule mfuko wa vipuri vya zamani kulikuwa na rezista ndogo iliyopasuka, yenye alama 100. Kwa kanuni ileile, hiyo ni 10 bila sifuri yoyote ya kuongeza, yaani omu 10. Mahali pake kwenye bodi, katika njia inayopeleka umeme kwenye pini ya 7, fundi aliyetangulia alikuwa ameweka rezista ya miguu yenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia, ambayo ni ya omu 100. Ni wazi kwamba aliisoma alama kama namba ya kawaida. Tuliandika tofauti hiyo katika safu ya maswali na hatukuigusa bado, kwa sababu omu 100 peke yake haizuii chipu kuanza, na ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichoponya.

14 Februari 2025: Mistari miwili iliyobeba jibu

Hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito, na ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi. Kipande muhimu kuliko vyote kilinakiliwa hivi:

```
                                      MIN   TYP   MAX
Start threshold            x842/4    14.5   16   17.5  V
                           x843/5     7.8   8.4   9.0  V
Min. operating voltage     x842/4     8.5   10   11.5  V
after turn-on              x843/5     7.0   7.6   8.2  V
```

Tafsiri fupi ya mstari wa kwanza, "volti ya kuanzia kazi", haikumsaidia fundi. Aliisoma kama volti ya chini kabisa ambayo chipu huweza kufanyia kazi, ambayo ndiyo maana ya mstari wa pili, na mistari miwili ikawa moja machoni pake. Kwa kuwa mstari wa pili unataja volti 10, naye alikuwa na 11.7 kwenye pini ya 7, alihitimisha kwamba umeme unatosha na kwamba chipu aliyouziwa ni mbovu. Uamuzi wake ulikuwa na mantiki kamili kwa jinsi maneno yalivyokuwa.

Kilichokosekana ni mwelekeo. Mistari hiyo miwili inaeleza safari mbili tofauti za volti, moja ya kupanda na nyingine ya kushuka, na Kiswahili kinalazimika kuzitaja zote mbili kwa sentensi nzima. Sasa laha inasema hivi: mstari wa kwanza ni volti ambayo chipu huwaka inapofikiwa wakati volti ya pini ya 7 inapanda kutoka sifuri, mstari wa pili ni volti ambayo chipu iliyokwisha kuwaka huzimika wakati volti ya pini ya 7 inashuka. Kati ya hizo mbili chipu hubaki katika hali iliyokuwa nayo. Chipu ya 3842 iliyo kwenye volti 11.7 itaendelea kufanya kazi kama tayari ilikuwa imewaka, lakini haitawaka kamwe kama ilikuwa imelala.

Namna ya kuandika x842/4 nayo ilihitaji maelezo. Mkwaju hapo haugawanyi chochote wala hautaji pini. Unaunganisha chipu mbili zinazoshiriki mstari mmoja, yaani ile inayoishia na 2 na ile inayoishia na 4. Herufi x inashika mahali pa tarakimu ya kwanza, ambayo hutaja tu joto ambalo chipu imekusudiwa: 3 ni kwa nyuzi 0 hadi 70, 2 ni kwa nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85, na 1 ni kwa nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125. Kwa hiyo UC2843 inaweza kukaa mahali pa UC3843 bila tatizo, lakini UC3842 haiwezi. Tarakimu ya kwanza ni ya hali ya hewa, na ya mwisho ni ya tabia ya saketi.

Safu tatu za namba zilifasiriwa kwa uangalifu uleule. TYP haikuandikwa "ya kawaida", kwa sababu kwa fundi neno hilo lina ladha ya "inayokubalika". Imeandikwa "ya kati, haikudhaminiwa". MIN na MAX ndizo mipaka ambayo mtengenezaji anaahidi kwamba kila chipu itakuwa ndani yake. Na hapo MIN ilitupa uthibitisho: hata chipu ya 3842 iliyo nyepesi kuwaka kuliko zote huhitaji volti 14.5. Betri ya asidi ya volti 12 ikichajiwa na sola hufikishwa takriban volti 14.4, na sehemu yake hupotea kwenye dayodi kabla ya kufika pini ya 7. Hakuna saa ya siku ambayo chipu hiyo ingeamka kwenye bodi hii.

Fundi aliuliza swali moja zaidi ambalo lilistahili mstari wake: mbona ukurasa wa kwanza umeandika volti 30? Jedwali hilo la kwanza ni la mipaka ya kuharibika. Kwenye laha kichwa chake kinasomeka "Mipaka ambayo ikivukwa chipu inaweza kufa, si vipimo vya kufanyia kazi". Ni kichwa kirefu, na nimekiacha kiwe kirefu kwa makusudi, kwa sababu hilo ndilo jedwali la kwanza ambalo jicho hukutana nalo.

18 Februari 2025: Kuipima chipu ya zamani

Chipu ya zamani iliyokuwa mfukoni ilisomeka UC384 na kisha doa. Chaki na mwanga wa pembeni vilionyesha upinde wa chini wa tarakimu ya mwisho, ambao unaweza kuwa wa 3 au wa 5. Jedwali lilikuwa limeshaondoa 2 na 4. Lililobaki ni kujua kati ya 3 na 5, na tofauti yao si ndogo: 3843 inaweza kuiweka mosfeti ikiwa imewaka karibu muda wote wa kila mzunguko, kama asilimia 97, ilhali 3845 huishia karibu asilimia 48 na haivuki 50. Isitoshe, 3845 huruka pigo moja katika kila mawili, kwa hiyo kwa rezista na kapasita zilezile bodi ingekimbia kwa kilohezi 39 badala ya 78, na koili iliyokusudiwa kilohezi 78 ingepitishwa mkondo wa mawimbi makubwa maradufu.

Kupandisha volti 10.8 hadi 19 kunahitaji mosfeti iwake takriban asilimia 43 ya muda, hata kabla ya kuhesabu hasara. Hilo linakaa karibu mno na kikomo cha 3845 kwa mbuni makini kuichagua, lakini "karibu mno" si ushahidi. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba chipu ya zamani imekufa, basi niliandika utaratibu wa kuipima nje ya bodi na fundi akaufuata.

Chipu iliwekwa kwenye ubao wa majaribio. Rezista ya omu 10,000 iliunganishwa kati ya pini ya 8 na ya 4, na kapasita ya pikofaradi 2,200 kati ya pini ya 4 na ardhi, yaani upande hasi. Pini ya 2, ya 3 na ya 5 ziliunganishwa ardhini, na kapasita za mikrofaradi 0.1 ziliwekwa kwenye pini ya 7 na ya 8. Pini ya 2 ikiwa ardhini chipu huamini kwamba volti ya kutoka ni ndogo mno, na pini ya 3 ikiwa ardhini haioni mkondo wowote wa kuikatiza. Kwa hiyo hutoa mapigo marefu kuliko yote inayoweza. Kisha volti ya pini ya 7 ilipandishwa polepole kutoka kwenye chombo cha volti za kurekebishwa, huku mita ikiwa kwenye pini ya 8.

Pini ya 8 iliruka kutoka sifuri hadi volti 5 pale pini ya 7 ilipofika 8.3. Volti ziliposhushwa, ilirudi sifuri kwenye 7.5. Chipu ya zamani ilikuwa hai kabisa, na mistari miwili ya jedwali sasa ilionekana kwenye mita. Fundi aliniambia kwamba hapo ndipo maneno "inapopanda" na "inaposhuka" yalipomkaa. Alirudia jaribio kwa chipu mpya ya 3842B, nayo ikawaka kwenye 16 na kuzimika kwenye 10. Haikuwa mbovu, ilikuwa mahali pasipo pake.

Kwa tarakimu ya mwisho, mita ya kawaida ilitosha. Pini ya 7 ikiwa kwenye volti 12, mapigo ya pini ya 6 hufika kama volti 10.5, kwa kuwa chipu yenyewe hula takriban volti moja na nusu. Mita ya volti za mkondo mnyoofu husoma wastani wa mapigo: 3843 ingesoma zaidi ya 10, na 3845 ingesoma karibu 5. Ilisoma 10.1. Chipu ni UC3843, na safu hiyo ya laha ikajazwa kwa kalamu.

22 Februari 2025: Chipu imerudi, kasoro moja imebaki

Soketi ya pini 8 ilichomelewa kwenye bodi na chipu ya zamani ikarudishwa. Kabla ya kuunganisha betri tuliweka fyuzi ya ampea 15 kwenye waya wa chanya, kwa sababu betri ya sola haina huruma inapokutana na mosfeti iliyoungana. Bodi iliamka mara moja: pini ya 8 volti 5, mlango wa kutolea volti 19.1, na kompyuta ikaanza kuchaji.

Ilirudishwa dukani, lakini mwenye duka aliripoti kwamba jioni, betri inapokuwa imechoka, taa ya kuchaji huwaka na kuzimika bila kukoma. Mchana haina shida. Fundi alipima jioni hiyohiyo na kukuta betri ikiwa na volti 10.8 chini ya mzigo.

27 Februari 2025: Mstari wa pili wazungumza

Hapa laha ilitumika kama ilivyokusudiwa, kwa sababu fundi mwenyewe ndiye aliyeniletea hesabu, nami nilithibitisha tu. Kutoka volti 10.8 za betri, waya mrefu na mwembamba wa dukani hula karibu volti 1 wakati ampea 9 zinapita. Dayodi inayolinda njia ya pini ya 7 hula 0.6. Chipu pamoja na kazi ya kuendesha mosfeti huvuta takriban miliampea 16, na mkondo huo ukipita kwenye omu 100 hupoteza volti 1.6. Kinachofika pini ya 7 ni volti 7.6, namba ileile iliyoandikwa kwenye safu ya kati ya mstari wa pili.

Chipu huzimika, mzigo unaondoka, waya hauli tena volti yoyote, pini ya 7 hupanda kupita 8.4, chipu huwaka, mzigo unarudi, na mzunguko unaanza upya. Kuwaka na kuzimika kwa namna hiyo si dalili ya chipu mbovu wala ya kompyuta mbovu. Ni dalili ya volti ya pini ya 7 inayotembea kati ya mistari miwili ya jedwali, na inathibitishwa kwa kuacha mita kwenye pini hiyo na kuitazama ikipanda na kushuka kwa mwendo uleule wa taa.

Rezista ya omu 100 iliondolewa na ya omu 10 ikawekwa, kama alama 100 ilivyokuwa imesema tangu mwanzo. Hasara yake ilishuka kutoka volti 1.6 hadi 0.16, na kwa betri ya 10.8 pini ya 7 sasa hubaki na takriban volti 9. Hiyo iko juu ya 8.2, ambayo ni safu ya MAX, kwa hiyo itatosha hata siku ambayo chipu hii itabadilishwa na 3843 nyingine yoyote. Fundi pia alimshauri mwenye duka abadilishe waya wa betri kwa mnene zaidi, na asiiache betri ishuke hadi hapo kila siku, kwa kuwa betri za asidi hufupishwa maisha kwa namna hiyo.

1 Machi 2025: Gharama na hali ya laha

Gharama zilikuwa ndogo. Soketi ilikuwa shilingi 1,500, rezista ya omu 10 shilingi 500, fyuzi na kishikio chake shilingi 3,000, na spiriti shilingi 2,000. Chipu mbili za 3842B zilizonunuliwa bila sababu ziligharimu shilingi 4,000 kila moja, na ya fundi imehifadhiwa kwa chaja za umeme wa ukutani, ambako volti ya kuwasha ya 16 ndiyo inayofaa.

Laha sasa ina ukurasa mmoja wenye pande mbili. Upande wa kwanza una alama za bodi na za vipuri zikiwa zimetenganishwa. Upande wa pili una mistari minne ya jedwali, kila mmoja ukiwa na nakala yake ya asili, tafsiri yake, na safu ya tatu tuliyoiongeza baada ya jaribio la tarehe 18: mita iwekwe wapi na inatarajiwa kusoma nini. Kwa "Start threshold" safu hiyo inasema: weka mita kati ya pini ya 8 na ardhi, pandisha volti ya pini ya 7 polepole, andika volti ya pini ya 7 wakati pini ya 8 inaporuka kufikia 5. Mistari mingine ambayo hatukuweza kuipima kwa vifaa vilivyopo imebaki na nakala ya asili peke yake, na tafsiri zake zitaongezwa hapa kadiri zitakapothibitishwa mezani.